Samli Ndani ya Konyagi

Chukua samli iliyoyeyuka, imimine kwenye pombe kali, tikisa, iache kwa saa nne, kisha weka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi utakuta samli imeganda juu kama kigae cha rangi ya maziwa, na chini yake pombe angavu kama ilivyotoka dukani. Unakitoboa kigae, unamimina pombe, unaichuja, na samli yote inabaki kwenye mtungi. Ukionja, hakuna mafuta mdomoni, ila harufu ya samli ipo, na ule ukali unaokwaruza koo umepungua.

Wenye baa za mjini wanauita ufundi huu kuosha pombe kwa mafuta. Ulipata umaarufu mwaka 2007 katika baa ndogo ya New York iitwayo PDT, ambayo mlango wake umefichwa ndani ya kibanda cha simu kwenye duka la soseji. Mchanganyaji wao, Don Lee, alichukua mafuta yaliyochuruzika kwenye nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi kutoka Tennessee, akayaloweka kwenye wiski ya mahindi ya Kimarekani, akayagandisha na kuyatoa, kisha akaongeza shira ya mti wa mepo. Kokteli hiyo, Benton's Old Fashioned, ikawa kinywaji cha kwanza cha aina hii kujulikana mbali. Lee mwenyewe ameeleza kwamba njia aliipata kwa mwenzake wa mji huohuo, Eben Freeman. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wote wawili. Watengeneza manukato wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, walikuwa wakitandaza maua ya asumini juu ya mafuta ya wanyama mpaka mafuta yanywe harufu, kisha wanayaosha kwa alkoholi ili harufu ihamie humo.

Siri iko katika tabia ya alkoholi. Maji hayapatani na vitu vingi vyenye harufu, lakini alkoholi inapatana navyo. Samli ikikutana na pombe ya asilimia 35 au 40, sehemu ya harufu yake inahama na kuingia kwenye pombe, huku mafuta yenyewe yakikataa kuyeyuka humo kwa sababu bado kuna maji mengi. Baridi ikija, mafuta yanaganda, pombe haigandi, na hapo ndipo zinapoachana. Ndiyo maana pombe kali kupita kiasi haifai kwa kazi hii: kadiri maji yanavyopungua, mafuta yanazidi kuyeyuka ndani yake na hutayatoa yote.

Biashara hii ina pande mbili. Mafuta yanatoa harufu, na pia yanachukua. Yanachukua baadhi ya vile vitu vinavyofanya pombe ya bei rahisi ikwaruze, jambo tunalolitaka. Yanachukua vilevile harufu ambazo mtengenezaji alizilipia. Ukiosha jin nzuri kwa samli, utapoteza sehemu ya harufu zake za mitishamba, kwa hiyo usijaribu kwenye chupa ya gharama. Konyagi, waragi, ramu nyeupe au vodka ya kawaida ndizo zinazonufaika zaidi.

Hapa niseme jambo moja waziwazi. Pombe ya kuloweka lazima iwe ya kiwandani, iliyofungwa, yenye lebo na stempu ya kodi, iliyonunuliwa mahali unapopaamini. Gongo, chang'aa au chupa isiyojulikana ilikotoka haisafishwi na samli, wala karafuu, wala mkaa. Kama ina methanoli, itabaki na methanoli yake yote, na viungo vitakuwa vimefanya kazi moja tu: kuficha ladha ambayo pengine ingekushtua. Pombe zilizochanganywa methanoli zimeua na kupofusha watu wengi Afrika Mashariki, na dalili zake, hasa macho kuingia ukungu, zinaweza kuchelewa hata zaidi ya nusu siku baada ya kunywa. Mtu mwenye dalili hizo hapelekwi kulala. Anapelekwa hospitali.

Sasa mafuta. Samli safi ya ng'ombe ni chaguo zuri la kuanzia kwa sababu haina maji, imekwisha kupikwa, na inaganda vizuri kwenye baridi. Harufu yake ndiyo utakayoipata kwenye glasi, basi inuse kwanza. Samli yenye moshi kidogo italeta moshi, na samli iliyochacha italeta uchachu ambao hakuna ndimu itakayouficha. Siagi ya maziwa nayo inafaa, lakini ina maji na protini, kwa hiyo ipike taratibu mpaka povu litulie na machicha yake yawe ya kahawia, kisha ichuje. Mafuta ya nazi yanafanya kazi nzuri mno kwenye ramu, mradi yawe ya kula na yawe yanayonukia nazi. Yaliyosafishwa kiwandani mpaka yakakosa harufu hayatakupa kitu, na yale ya kopo la saluni yaache kwenye nywele. Tui si mafuta: lina maji na protini, linaharibika haraka na litaichafua pombe. Majarini pia iache. Ina viungo vilivyowekwa makusudi ili mafuta na maji yashikamane, na wewe unataka yaachane.

Tufanye chupa moja ya nusu lita ya Konyagi, ambayo ni ya asilimia 35. Unahitaji gramu 60 hivi za samli, yaani vijiko vinne au vitano vya chakula ikiwa imeyeyuka. Samli na nazi ni mafuta mapole, ndiyo maana kiasi ni kikubwa. Kwa mafuta yenye harufu kali, kama ya ufuta uliokaangwa au ya nyama ya moshi, nusu ya hapo inatosha, na ya nyama lazima yachujwe mpaka pasibaki hata chembe ya nyama. Mtungi uwe wa kioo, mkavu, wenye mdomo mpana. Wanaofanyia kazi hii ndani ya chupa yenyewe hujutia asubuhi, kwa sababu samli huganda ikaziba shingo.

Yeyusha samli jikoni, zima moto, kisha ubebe sufuria uende nayo mbali na jiko. Hatua hii si ya hiari. Mvuke wa pombe ya asilimia 40 unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na hilo ni joto la kawaida la Dar es Salaam au Mombasa. Pombe ikikutana na samli inayochemka, mvuke unaruka wote kwa mara moja, na ukiwa karibu na jiko la gesi au la mkaa, moto utaufuata. Subiri mpaka samli iwe ya uvuguvugu tu, unaweza kuigusa kwa kidole bila kushtuka, ila bado inamiminika. Ndipo uitie kwenye mtungi wenye pombe, ufunge kifuniko na kutikisa kwa nguvu kama dakika moja.

Kutoka hapo ni saa nne mezani, ukitikisa kila unapopita. Kinachofanya kazi ni mgusano: matone madogo ya mafuta yanayoelea ndani ya pombe yana uso mpana kuliko tabaka moja lililokaa juu. Pwani, mafuta yatabaki ya majimaji mwanzo hadi mwisho, maana ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 na samli juu zaidi kidogo ya 30. Ukiwa Njombe au Limuru mwezi wa saba, mambo ni tofauti: samli itaganda kabla haijatoa chochote. Hapo ukae mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, si juu ya jiko.

Kwa nini saa nne, na si siku nne? Harufu nyingi huhama mapema, na saa za ziada zinakuongezea kidogo sana. Wakati huohuo mafuta yaliyo kwenye joto na hewa yanaanza kuharibika, na ladha ya mafuta mabovu nayo inahamia kwenye pombe kwa urahisi uleule. Isitoshe, pombe hulinda kile inachokigusa. Chembe ya nyama au tone la maji lililofungwa ndani ya donge la mafuta haliguswi. Ndiyo sababu tunatumia mafuta makavu, yaliyochujwa, kwa muda mfupi, kisha baridi.

Friza ya nyumbani ina nyuzi kama 18 chini ya sifuri. Pombe ya asilimia 35 haitaganda kuwa jiwe, ingawa inaweza kuwa nzito. Iache usiku mmoja. Asubuhi toboa kigae cha samli pembeni kwa uma au kisu, mimina pombe kupitia kitambaa safi cha kuchujia tui, halafu ichuje tena kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Fanya haraka ingali baridi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mtungi unatolewa, simu inalia, na baada ya robo saa samli imelegea na inapita kwenye kitambaa pamoja na pombe. Utajua kwa macho. Pombe iliyochujwa vizuri ni angavu au ina ukungu mwepesi sana. Ukiona vijiduara vinang'aa juu yake kama mchuzi, au ikiacha utando kwenye kioo, irudishe friza na uchuje upya. Kuna kiasi kitakachopotea ndani ya kigae na kwenye kitambaa, hilo halikwepeki.

Ukitaka viungo, vifuate baada ya samli, visitangulie. Mafuta ya karafuu na iliki yanapenda samli kuliko yanavyopenda pombe, kwa hiyo ukianza na viungo utakuwa unavitia kwa mkono mmoja na kuvitoa kwa mwingine. Tabia hii ina faida yake: mtu aliyezidisha pilipili kwenye pombe anaweza kuiosha kwa mafuta, na sehemu ya ukali itaondoka na kigae.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kutupa karafuu, iliki, mdalasini, chai na pilipili kwenye chupa moja na kusubiri wiki. Kila kimoja kina saa yake, na pombe haijui kusubiri kilichochelewa. Kitakachowahi kitawafunika wenzake wote.

Karafuu ya Pemba au Unguja ina eujenoli nyingi, ileile inayotia ganzi jino linalouma, na ikizidi itatia ganzi ulimi. Nne kwa nusu lita zinatosha. Onja baada ya saa moja, na usizivushe saa nne. Iliki ni mpole zaidi: maganda saba au manane, uyaponde kidogo tu yafunguke, saa 12 hadi 24. Kijiti kimoja cha mdalasini kinaweza kukaa siku nzima au mbili kabla hakijaanza kuleta ukavu wa ganda la mti. Njia ya busara ni kuloweka kila kiungo kwenye chupa yake ndogo, kisha kuchanganya kwa kuonja. Usitumie viungo vya unga. Vinaziba kichujio na kutoa kila kitu kwa pupa, na huwezi kujua nini kilisagwa humo.

Chai ndiyo yenye haraka kuliko watu wanavyodhani. Audrey Saunders, aliyekuwa wa baa ya Pegu Club, New York, alijipatia jina kwa kokteli ya jin iliyolowekwa chai ya majani yenye harufu ya bagamoto kwa saa mbili. Ukifuata saa mbili hizo kwa chai yetu ya kawaida, utapata kitu kichungu kinachokausha ufizi. Tofauti iko kwenye jani. Chai nyingi ya Kericho, Mufindi na Rungwe husagwa na kukatwa kuwa chembe ndogo ili itoe rangi upesi kwenye sufuria, na kwenye pombe pia inatoa upesi. Weka kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita, anza kuonja dakika ya kumi, na usivuke nusu saa. Rangi isikudanganye, kwa sababu itakuwa nyeusi kabla ladha haijafika. Kinachotafutwa ni wakati ambapo harufu imejaa na tanini ndiyo kwanza inaanza kubana pembeni mwa ulimi. Ukiubaini mbano huo, umefika, chuja. Usiyakamue majani, maana uchungu mwingi umejificha humo.

Pilipili haihesabiwi kwa siku hata kidogo. Kapsaisini, kitu kinachowasha, haipatani na maji lakini inaingia kwenye alkoholi kwa dakika. Pilipili kichaa moja iliyopasuliwa, kwa nusu lita: onja baada ya dakika kumi, halafu kila dakika tano. Wengi huridhika kabla ya nusu saa. Ukali mwingi uko kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, basi ukitaka harufu ya pilipili mbuzi bila moto wake, toa utando wote na utumie nyama ya nje pekee. Kuonja nako kuna ujanja: tone moja kwenye kijiko cha maji, kisha subiri dakika nzima, kwa sababu mwasho huchelewa na ulimi ukishawaka hauwezi tena kuhukumu. Ikizidi, ongeza pombe isiyo na kitu. Kuchuja tena hakutapunguza lolote, kwani kilichowasha kimekwisha kuyeyuka.

Muda salama hautegemei ladha pekee. Pombe ya asilimia 35 hairuhusu vijidudu kukua, lakini nguvu hiyo inapungua kila unapoingiza maji. Tia nusu lita ya juisi ya nanasi kwenye nusu lita ya Konyagi, na sasa una kinywaji cha asilimia 17 na nusu, ambacho si pombe kali tena. Hicho kikae friji na kinywewe ndani ya siku chache. Kipimo ninachokifuata ni asilimia 20: chini ya hapo sikiachi kitu mezani. Tangawizi mbichi, matunda na majani mabichi vyote vinaleta maji, basi visijaze zaidi ya robo ya mtungi, na vyote viwe vimefunikwa na pombe. Kipande kinachoelea juu ndicho kinachoota ukungu.

Na ukungu ulioingia kabla haufutwi na pombe. Pilipili kavu yenye vumbi la kijivu ndani, au iliki iliyovunda kwenye gunia, inaweza kuwa na sumu ya ukungu ambayo alkoholi haiiharibu. Pasua moja uangalie. Kungumanga nayo, ingawa inastawi Zanzibar na kila mpishi wa pilau anaijua, siilowi kabisa. Kwa kiasi kikubwa ni sumu inayoleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na kwa kuiloweka huwezi kujua kiasi gani kimetoka. Ikwaruze kidogo juu ya glasi. Tumbaku isiingie kabisa, hata mara moja, kwa sababu nikotini hutoka yote na dozi ya kuua si kubwa. Mizizi na magome usiyoyajua ni hivyohivyo. Anayetumia dawa za hospitali amuulize mfamasia kabla ya kugusa chupa yoyote, iwe na samli au isiwe nayo.

Pombe iliyooshwa kwa samli ikae friji, chupa iwe na lebo ya tarehe na kilichomo, mbali na watoto, maana ya chai inafanana kabisa na chai ya rangi. Itumie ndani ya mwezi. Mafuta machache yasiyoonekana hubaki hata ukichuja vizuri, na ndiyo yatakayochacha kwanza. Ikinuka kama rangi ya nyumba au boksi lililolowa, mwaga. Ya karafuu au mdalasini pekee, bila mafuta, inakaa miezi.

Kuinywa, toti moja ya Konyagi ya samli yenye iliki, kijiko cha asali kilichoyeyushwa kwa maji kidogo, matone machache ya ndimu na barafu nyingi. Ndimu iwe chache kweli, la sivyo samli inapotea. Kigae kilichobaki usikitupe: ni samli nzuri yenye harufu ya pombe, na inafaa kwenye keki au wali wa watu wazima. Ila ina pombe na unyevu ndani yake, kwa hiyo iyeyushe kwa moto mdogo, dirisha likiwa wazi, mpaka iache kutokota, kabla hujaikaangia kitu chochote.